UZI: Poti 8080 ndani inakubali, nje inagoma. Nani mkweli, nc au tovuti za kupimia poti?

dagaa_mkavu (Kirumba)
Mwangaluka wakuu. Naombeni msaada maana hii kitu imenitoa jasho. Kuna mzee ana stoo ya dagaa pale Mwaloni, nimemfungia kompyuta yenye Ubuntu na mfumo mdogo wa stoo, magunia yaliyoingia, yaliyotoka, nani anadaiwa. Mfumo unakaa poti 8080. Mzee mwenyewe muda mwingi yuko Nansio anakusanya mzigo, anataka afungue kwenye simu aone stoo ikoje bila kupiga simu kila saa.

Kwenye ruta nimefowadi 8080 kwenda 192.168.1.20 ambayo ndo hiyo kompyuta. Nikipima na laptopu nikiwa hapo hapo stoo napata hivi:

```
$ nc -zv 192.168.1.20 8080
Connection to 192.168.1.20 8080 port [tcp/http-alt] succeeded!
$ nc -zv 100.72.14.9 8080
Connection to 100.72.14.9 8080 port [tcp/http-alt] succeeded!
```

Hiyo ya pili ni IP ya nje, nimeichukua kwenye ukurasa wa ruta sehemu ya WAN. Sasa nikienda canyouseeme.org nikaandika 8080 naambiwa Error, eti haioni huduma yangu. Mzee naye kule kisiwani anasema ukurasa unazunguka tu mpaka unakata tamaa. Hivi hizi tovuti zinapima nini hasa? Mbona nc inasema iko wazi?

KirumbaBoy
Hizo tovuti za kupima poti nyingi ni uongo mkuu usizisumbukie. Hapo ni fayawoli ya Ubuntu, piga `sudo ufw disable` halafu jaribu tena, asilimia kubwa ya matatizo ya hivi ni ufw. Mimi ofisini kwetu ilikuwa hivyo hivyo.

Igoma_Stendi
Jaribu `nc -zv google.com 443`. Mimi nimejaribu sasa hivi imesema succeeded, kwa hiyo poti ziko wazi na mtandao uko vizuri, tatizo lake litakuwa kwenye simu ya mzee.

fundi_wa_nyegezi
Igoma_Stendi, wewe umepima mlango wa kutoka, mwenzako anauliza wa kuingia. Kutoka kwako kwenda gugo kufunguka hakusemi lolote kuhusu mtu wa nje kuingia kwako.

KirumbaBoy na wewe subiri kidogo, usimzimishie mtu fayawoli kabla hatujajua pakiti inafia wapi. Na hizo tovuti si waongo, ila watu husoma lile neno Error tu wakafunga ukurasa.

dagaa_mkavu, nina maswali mawili tu. La kwanza, chini ya ile Error ya canyouseeme kuna mstari unaanza na Reason, umeandikaje? La pili, hizo nc zote mbili umepiga ukiwa ndani ya waifai ya stoo. Hapo hujapima nje hata mara moja, hata kama umeandika IP ya nje. Ruta nyingi zikiona kifaa cha ndani kinaita IP ya WAN yake yenyewe zinakigeuza hapo hapo na kukirudisha ndani, pakiti haijatoka hata kwenye kibaraza. Kwa hiyo succeeded yako ya pili inathibitisha kwamba ulivyofowadi kwenye ruta umepatia na huduma inaitika, basi, haiendi mbali zaidi ya hapo.

Chukua simu, zima waifai kabisa, washa data, fungua Termux:

```
pkg install netcat-openbsd
nc -zv -w 5 100.72.14.9 8080
```

Hiyo `-w 5` usiiache, bila hiyo kama pakiti inamezwa utakaa unaangalia skrini dakika mbili na kidogo mpaka Linuksi yenyewe ichoke kujaribu.

sangara89 (Musoma)
Niko hapa nafuatilia maana na mimi nina la kwangu linalofanana na hili ila ni kinyume chake, kwangu simu inasema poti iko wazi wakati seva nimeizima. Nitaleta akimaliza huyu.

dagaa_mkavu (Kirumba)
Asante fundi. Nimefanya vyote. Kwenye tovuti imeandika hivi:

```
Error: I could not see your service on 203.0.113.45 on port (8080)
Reason: Connection timed out
```

IP nimeibadilisha nimeweka ya mfano, si vizuri kuianika hapa. Na kwenye simu kwa data:

```
nc: connect to 100.72.14.9 port 8080 (tcp) timed out: Operation now in progress
```

Nikajaribu pia na ile 203 kutoka kwenye simu, vile vile timed out. ufw nilishaiangalia, `sudo ufw status` inasema inactive, kwa hiyo KirumbaBoy hapo hakuna cha kuzima.

fundi_wa_nyegezi
Safi, sasa tuna kitu cha kushika mkononi.

Mtu anayepima kutoka nje anaweza kupata majibu ya aina tatu. Ukipata succeeded, kuna mtu ameitika upande wa pili. Ukipata Connection refused, tena inarudi chap ndani ya sekunde, maana yake pakiti yako imefika kwenye mashine fulani na hiyo mashine imekujibu kwamba hapa hakuna anayesikiliza. Ukipata timed out, hakuna aliyekujibu kabisa, ni kimya. Hizi mbili za mwisho tovuti nyingi zinakuandikia neno lile lile closed, ndipo watu wanapopotea, maana dawa zake haziendani hata kidogo. Refused unaenda kuangalia programu yako, imewaka au haijawaka, inasikiliza anwani ipi. Timed out unaenda kuangalia njia, nani kameza pakiti.

Tahadhari ndogo, refused wakati mwingine inatolewa na fayawoli iliyowekwa ikatae kwa sauti, au na ruta yenyewe, kwa hiyo usiapie kwamba ni seva yako iliyojibu. Ila kwako wewe ni kimya, kwa hiyo tuachane na hilo.

Sasa tutafute inafia wapi. Kwenye kompyuta ya stoo washa hii uiache inaendelea:

```
sudo tcpdump -ni any tcp port 8080
```

Halafu piga nc kutoka kwenye simu ukiwa na data. Uzuri wa tcpdump ni kwamba inaiona pakiti inayoingia kabla fayawoli ya hiyo mashine haijaigusa. Ukiona mstari wenye `Flags [S]` ukajirudia bila jibu, imefika ila fayawoli ya hapo hapo inaimeza. Ukiona `[S]` ikafuatiwa na `[R.]`, imefika ila hakuna anayesikiliza. Usipoona chochote, haijafika mashineni, acha kuisumbua Ubuntu.

KirumbaBoy
Lakini fundi, mimi najua tovuti ya kupima poti ikisema closed ni kwa sababu hakuna programu inayosikiliza. Nilishawahi kufowadi poti nikapima ikasema closed, nikahangaika na ruta wiki nzima, kumbe programu ilikuwa haijawashwa.

fundi_wa_nyegezi
Hapo uko sahihi kabisa, ni moja ya sababu, tena inawapata wengi. Poti haifunguki yenyewe kwa kuifowadi, lazima awepo mtu ndani wa kuitika hodi. Ndo maana ukitaka kupima njia peke yake bila kuitegemea programu, unazima programu unaweka nc isikilize badala yake:

```
nc -lvk 8080
```

Akiingia mtu unaona `Connection received on` na IP aliyotoka. Ila kwa dagaa_mkavu programu inaitika ndani, ameshatuonyesha, kwa hiyo sababu yako kwake haipo.

dagaa_mkavu (Kirumba)
Nimeiacha tcpdump inaendelea. Nimepiga kutoka kwenye simu mara kadhaa, hakuna kitu, skrini imekaa kimya. Nikapiga kutoka laptopu ya ndani mistari ikamwagika, `[S]`, `[S.]`, yote. Nikarudi canyouseeme nikabonyeza Check Port, kimya. Kwa hiyo haifiki kabisa. Ruta nimeizima nimeiwasha, fowadi bado ipo. Ina maana ruta ni mbovu?

dada_neti (Bukoba)
Ruta yako haina tatizo kaka. Rudi juu uangalie ulichobandika mwenyewe. Ruta inakwambia IP ya WAN ni 100.72.14.9, ila tovuti inakuona unatoka 203.0.113.45. Hizo ni namba mbili, na zilitakiwa ziwe moja.

Ukiona ya ruta inaanzia 100.64 mpaka 100.127, ujue hiyo si IP ya umma. Ni kundi la anwani lililotengwa mwaka 2012 kwa RFC 6598, mahususi kwa kampuni za intaneti ziweke wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Wenyewe wanaita CGNAT. Yaani juu ya ruta yako kuna ruta nyingine kubwa ya mtoa huduma, na hiyo hujaifowadi wala hutaruhusiwa kuifowadi. Pakiti ya mzee kutoka Nansio inafika kwenye ile 203, pale mtambo unajiuliza hii 8080 ni ya mteja gani kati ya hawa wote, haujui, unaitupa. Ndo hiyo timed out yako.

Kuhakikisha piga hii ukiwa kwenye kompyuta ya stoo, ulinganishe na ya ruta:

```
curl -4 ifconfig.me
```

Zikiwa tofauti, huna haja ya kupima poti tena, hakuna poti yoyote itakayofunguka hapo.

KirumbaBoy
Basi weka DDNS, kuna za bure, inakupa jina halafu jina linafuata IP hata ikibadilika. Au washa DMZ kwenye ruta.

dada_neti (Bukoba)
DDNS inasaidia kama IP ni yako ila inabadilika badilika. Hapa jina litaelekeza kwenye hiyo 203 ambayo si yake peke yake, pakiti itafika pale pale na kutupwa pale pale. DMZ nayo ni ya ruta ya ndani, inafungua milango yote ya nyumba ambayo wageni wanaishia getini.

dagaa_mkavu (Kirumba)
Aisee. Nimepiga curl imetoa 203.0.113.45, ruta bado 100.72. Kwa hiyo ndo hivyo.

Nimepiga simu huduma kwa wateja (mtandao siutaji), dada wa kwanza akaniambia nizime ruta niwashe. Wa pili akaelewa, kasema IP ya umma isiyobadilika wanatoa kwa vifurushi vya biashara tu na bei yake mzee akisikia atasema bora aajiri mtu wa kumpigia simu. Kuna njia nyingine?

fundi_wa_nyegezi
Ipo. Kutoka nje kuja kwako haiwezekani, ila kutoka kwako kwenda nje inawezekana, CGNAT haizuii hilo. Kwa hiyo kompyuta ya stoo inatoka yenyewe kwenda kwenye VPS ndogo yenye IP ya umma, inashikilia huo muunganiko, na mzee anaingilia kwenye VPS. Kama unayo VPS, kutoka stoo:

```
ssh -N -R 0.0.0.0:8080:localhost:8080 mimi@203.0.113.80
```

Ukimaliza usimwambie mzee kitu bado. Pima kwanza kutoka kwenye simu kwa data utupe majibu.

dagaa_mkavu (Kirumba)
Kuna VPS ndogo ninayolipia kwa ajili ya tovuti ya kanisa, nimetumia hiyo hiyo. Kwenye paneli ya VPS nimeruhusu 8080. ssh imeingia haijalalamika. Nimepima kutoka simu:

```
nc: connect to 203.0.113.80 port 8080 (tcp) failed: Connection refused
```

Bado imefungwa. Na ile tovuti ukiiweka IP ya VPS yenyewe haikubali, inalazimisha IP yangu.

fundi_wa_nyegezi
canyouseeme inapima IP ya yule aliyefungua ukurasa, haikupi nafasi ya kuweka ya mashine nyingine. Ndo maana pia mtu akiifungua kwenye simu yenye data anakuwa anapima simu yake, si seva. Kwa IP ya mahali pengine nenda yougetsignal.com au check-host.net, hiyo ya pili inapima kutoka nchi kadhaa kwa mpigo, unaona kama kuna anayepata na anayekosa.

Ila hata bila hizo, angalia jibu lako vizuri. Jana ulikuwa unapata timed out baada ya sekunde tano, leo umepata refused papo hapo. Hiyo ni hatua kubwa! Pakiti sasa inafika, fayawoli ya paneli imeiachia, VPS imejibu. Ila hakuna anayesikiliza kwenye anwani ya nje. Ingia VPS:

```
ss -tln | grep 8080
```

Nibandikie.

dagaa_mkavu (Kirumba)
```
LISTEN 0  128  127.0.0.1:8080  0.0.0.0:*
```

fundi_wa_nyegezi
Ndo hapo. Angalia ile 127.0.0.1. Anasikiliza, lakini anamsikiliza aliyemo ndani ya VPS tu. Ukipiga `nc -zv 127.0.0.1 8080` ukiwa kwenye VPS utapata succeeded, na kutoka nje utapata refused, na majibu yote mawili ni kweli.

Wewe umeandika 0.0.0.0 kwenye amri, sshd wa upande ule amekukatalia kimya kimya kwa sababu bila kuambiwa vinginevyo poti za kurudi anaziweka 127.0.0.1. Kwenye VPS fungua `/etc/ssh/sshd_config` weka:

```
GatewayPorts clientspecified
```

Halafu `sudo systemctl restart ssh`. Na muhimu, muunganiko wa zamani wa kutoka stoo ukate uunganishe upya, maana ule ulioko hewani unaendelea na masharti ya zamani. Hapa watu wengi wanabadilisha faili, wanapima, wanakuta refused ile ile, wanadhani haijafanya kazi.

dagaa_mkavu (Kirumba)
IMEKUBALI wakuu. ss sasa inaonyesha 0.0.0.0:8080 na simu inasema:

```
Connection to 203.0.113.80 8080 port [tcp/http-alt] succeeded!
```

check-host nayo nchi zote zinaunganisha. Mzee kafungua akiwa Nansio, swali lake la kwanza mbona gunia kumi na nne za juzi hazimo 😂 hilo sasa si la poti.

dada_neti (Bukoba)
Hongera kaka, ila hapo ulipo sasa umeuweka mfumo wa stoo mbele ya dunia nzima kwa http tupu, nywila ya mzee inapita wazi wazi. Kaa na tcpdump kwenye VPS kidogo tu, utaona IP usizozijua zinagonga 8080, hao si wateja wa dagaa, ni roboti zinazozunguka intaneti kutafuta milango. Weka angalau nginx na cheti mbele, na ile 8080 uirudishe 127.0.0.1 kama ilivyokuwa mwanzo, nginx ndiye azungumze nayo. Au weka WireGuard kati ya simu ya mzee na VPS, usifungue poti ya mfumo kabisa.

fundi_wa_nyegezi
Naunga mkono nginx. WireGuard kwa mzee wa dagaa sijui, siku akibadilisha simu wewe ndo utapanda meli kwenda kumwekea.

dada_neti (Bukoba)
Anaskani QR tu fundi, dakika moja. Ila sawa, tusibishane.

dagaa_mkavu (Kirumba)
Naanza na nginx kesho, WireGuard nitaangalia. Fundi swali la mwisho, huo ssh umeme ukikatika pale Mwaloni?

fundi_wa_nyegezi
Utakufa. Tafuta autossh, au uandikie systemd iuwashe kila ukikatika, weka na `ServerAliveInterval 30` ili usikae umekufa unaonekana mzima. Hiyo ni mada yake, fungua uzi mwingine.

sangara89 (Musoma)
Zamu yangu sasa. Nina seva kwenye VPS, nimezima nginx kabisa, `ss -tln` haionyeshi 80. Nikipima 80 kutoka kwenye simu kwa data, succeeded. Nikipima kutoka laptopu ya kazini, refused. Nimefuta Termux nimeiweka upya, vile vile. Nani anaitika huko?

fundi_wa_nyegezi
Pima poti nyingine kwenye IP hiyo hiyo ambayo una uhakika hakuna mtu, sema 48213, kutoka kwenye simu hiyo hiyo. Halafu washa tcpdump kwenye VPS uangalie poti 80 ukipima na simu, kuna kinachofika?

sangara89 (Musoma)
48213 ni refused kama kawaida. Poti 80 nikipima kwa simu tcpdump haioni chochote ila nc bado inasema succeeded!

fundi_wa_nyegezi
Basi si seva yako inayoitika. Katikati ya simu na VPS kuna proksi inayoteka poti 80, inakupa mkono kwa niaba ya seva kabla hata haijamtafuta. nc ikishapewa mkono inasema succeeded na kuondoka, haiulizi aliyetoa mkono ni nani. Jaribu laini ya mtandao mwingine, ikisema refused umeshampata mwenye tabia hiyo. Kwa poti 80 usiridhike na `-z`, ingia kabisa kwa `curl -v` usome kinachorudi.

sangara89 (Musoma)
Laini nyingine imesema refused. Ila cha ajabu usiku huu nimerudia ile laini ya kwanza nayo imesema refused. Sijagusa kitu.

dada_neti (Bukoba)
Labda umepangiwa njia nyingine usiku, au wamezima. Huko kwao hatuoni ndani, ukitaka kupima poti 80 pima kutoka sehemu mbili.

ukerewe_waifai
Samahani kudandia. Mimi ndo hiyo WireGuard mnayoisema, poti 51820 kwenye VPS. Nimepima `nc -zvu` kutoka nyumbani nikapata succeeded, lakini simu haiunganishi. Kwa hiyo poti iko wazi si ndio, tatizo ni funguo?

dada_neti (Bukoba)
Hapana, kwa UDP hiyo succeeded usiiamini hata kidogo. UDP haina kupeana mkono, nc inatupa pakiti, isiporudishiwa kelele ya kukataliwa inahesabu imefaulu. Fayawoli ikimeza pakiti ni kimya, na kimya kwake ni succeeded. Halafu WireGuard yenyewe kwa makusudi haimjibu mtu asiye na ufunguo sahihi, kwa hiyo hata ikiwa wazi kabisa hakuna nc wala tovuti itakayopata jibu. Jaribu 51821 ambayo hujaifungua, naamini nayo itakwambia succeeded.

Njia ya kujua ni moja, kaa upande wa seva:

```
sudo tcpdump -ni any udp port 51820
```

Washa WireGuard kwenye simu uone kama pakiti zinaingia. Zikiingia na hakuna zinazotoka, hapo anza kuangalia funguo na ufw. Zisipoingia, paneli ya VPS hujaruhusu UDP, wengi wanaruhusu TCP wanasahau.

ukerewe_waifai
51821 kweli imesema succeeded 😅. tcpdump inaonyesha pakiti zinaingia, mbili tatu, halafu kimya, hakuna inayotoka. Na paneli nimeruhusu UDP. Funguo nimezilinganisha ziko sawa.

KirumbaBoy
Zima ufw.

dada_neti (Bukoba)
Safari hii KirumbaBoy anaweza kuwa na hoja, tcpdump inaona kabla ya fayawoli, kwa hiyo kuingia kwenye tcpdump si kupita. Usiizime lakini, piga `sudo ufw allow 51820/udp` halafu angalia `sudo wg show`, kama kuna mstari wa latest handshake. Ukikosa bado, bandika hapa matokeo ya wg show, funguo uzifute kwanza.

ukerewe_waifai
Umeme umekata huku, nikirudi hewani naleta.